Kepsheni ya kuchekesha umeme ukikatika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa anayekaa gizani na mshumaa mmoja au tochi ya simu, anataka kuposti picha yenye maneno ya kuchekesha, na anaona kila anachoandika kimeshaandikwa na mtaa mzima. Mifano mingi inafuata Kiswahili cha Tanzania, ambako husemwa "umeme umekatika". Wanaosema "stima" wasome hasa swali la 6.

## Mambo ya mwanzo

1. Kwa nini "Leo tuko gizani jamani" haichekeshi mtu?

Kwa sababu picha imeshasema hivyo. Anayeona mwali wa mshumaa na nusu ya uso wako ameshajua kwamba umeme haupo, na kepsheni inayorudia habari hiyo haimpi kitu kipya. Kinachochekesha ni jambo dogo ambalo giza limelivuruga ndani ya nyumba na ambalo kamera haikulinasa. Mtu amepaka mswaki dawa ya kuchua. Feni imezimika, na wote waliokuwa wamenuniana wamekutana kibarazani. Gizani umemwamkia mdogo wako shikamoo, naye ameitikia marahaba bila kusita.

Kabla ya kuandika, jiulize swali moja: tangu umeme ulipokatika, nani amefanya jambo ambalo asingelifanya taa zikiwaka? Jibu la swali hilo ndiyo malighafi yako. Ukikosa jibu, ngoja nusu saa, gizani halikosekani.

2. Kepsheni iwe ndefu kiasi gani?

Sentensi moja, au mbili fupi. Msomaji wa jioni kama hiyo huenda naye yuko gizani na simu yake ina asilimia 12 ya chaji, kwa hiyo anapitisha kidole haraka. Instagram hukata maandishi baada ya mstari mmoja au miwili, na mengine huyaoni mpaka uyabonyeze. Kichekesho kikiwa kwenye mstari wa tatu, wengi hawatakifikia.

Neno linalochekesha liwe la mwisho. Kiswahili kinarahisisha kazi hii, kwa kuwa kitenzi kimoja kinabeba mtenda, wakati na mtendwa, na neno moja zito linabaki kufunga sentensi. Linganisha "Kwa imani tu ndiyo tunawala dagaa wa leo" na "Dagaa wa leo tunawala kwa imani". Maneno ni karibu yale yale, ila katika sentensi ya kwanza kicheko kimepita kabla msomaji hajajua kinachozungumziwa.

3. Sina wazo lolote. Nianzie wapi?

Tuchukue picha moja tuifanyie kazi hadi mwisho. Mshumaa umesimamishwa kwenye kisosi. Pembeni kuna sinia la ugali na bakuli la dagaa, na mikono mitatu inaelekea kwenye bakuli. Nyuso hazionekani.

Wazo la kwanza humjia kila mtu: "Leo hakuna umeme, tunakula kwa mshumaa hahaha." Hapo kuna makosa mawili. Maneno yamerudia picha, na "hahaha" imecheka kabla ya msomaji. Ifute yote.

Sasa tafuta kilichovurugika. Mezani hapo tatizo ni kwamba hakuna anayeona anachokichota. Andika hivyo kwanza, hata kama hakijachekesha: "Hatuoni dagaa tunaokula." Ni kweli, lakini bado ni taarifa tu. Jiulize mtu anayekula asichokiona anatumia nini. Anatumia mkono, anatumia kumbukumbu, anatumia imani. Neno "imani" ni zito na la heshima, dagaa ni wadogo na wa kila siku, na umbali kati ya viwili hivyo ndio unaoleta kicheko. Ukipanga upya ili "imani" iangukie mwisho, unapata: "Dagaa wa leo tunawala kwa imani."

Angalia kwamba maneno umeme, giza na mshumaa hayamo. Picha imeyabeba. Kanuni hii moja inatibu kepsheni nyingi zinazokwama: ondoa kila neno linaloonekana kwenye picha, kisha soma kilichobaki.

## Maneno na sarufi

4. Kepsheni zinazousema umeme kama mpenzi hufanyaje kazi?

Zinategemea herufi moja. Katika Kiswahili, kiambishi "u-" ni cha umeme (umeme umerudi) na pia ni cha wewe (wewe umerudi). Ukiliacha neno "umeme" nje ya sentensi, msomaji hajui unamsema nani mpaka aitazame picha. Mwanzoni anadhani umeachwa na mtu. Akiona mshumaa anaelewa, na hapo ndipo anapocheka.

Mifano: "Umekuja, umekaa dakika tatu, umeondoka. Chai hata haijachemka." Au: "Ukirudi, nipo macho." Au kwa wanaopenda mizani: "Umekwenda kimyakimya, umerudi kwa kishindo." Hiyo ya mwisho ina mizani 8 kila upande, kama kipande cha shairi, na kishindo chenyewe ni kweli: friji inashtuka, redio iliyosahaulika inaanza kunguruma, na watoto wa mtaa mzima wanapiga kelele "umerudiii!"

Mchezo huu ni wa Kiswahili chenyewe. Ni mali yetu, na inapendeza kuona mtu ameutumia sawasawa.

5. Nimejaribu mchezo huo wa "u-" lakini hauna ladha. Nimekosea wapi?

Mara nyingi sarufi imemtaja uliyetaka kumficha. Kuna sehemu nne ambapo umeme na wewe huachana.

Ya kwanza ni kukanusha kwa "ha-". Mtu "hukuaga", umeme "haukuaga". Ukiandika "haukuaga", msomaji anajua mara moja kwamba si mtu. Ukiandika "hukuaga", unamsema mtu tu, na umeme umetoka kwenye sentensi. Dawa ni kubaki kwenye uyakinishi (umekwenda, umerudi, unanizoea) au kukanusha kwa "-si-", kwa sababu "usirudi" na "usipokuja" zinafaa kwa wote wawili. "Usipokuja leo, nyama yangu itaniaga" ni sahihi kwa mpenzi aliyealikwa chakula na kwa umeme wa friji.

Ya pili ni yambwa. "Nimekungoja" ni wewe, "nimeungoja" ni umeme. Andika "nimengoja" tu.

Ya tatu ni kirejeshi. "Uliyeondoka" ni mtu, "ulioondoka" ni umeme. Geuza: badala ya "wewe uliyeondoka bila kuaga" andika "uliondoka saa mbili kasoro, mechi ikiwa dakika ya 80".

Ya nne ni kimilikishi. "Wako" humwelekea mtu peke yake, kwa hiyo "nimechoka na tabia zako" inaegemea upande mmoja. Si kosa kubwa, maana unaweza kuzungumza na umeme kana kwamba ni mtu, ila utata unapungua. "Tabia hii sasa basi" inatosha.

Kipimo ni rahisi. Soma kepsheni bila picha. Ikisikika kama malalamiko ya mapenzi yasiyo na kasoro, kisha uisome ukiwa na umeme akilini nayo bado ikawa Kiswahili safi, umefika.

6. Niko Kenya. Kwetu ni stima. Mchezo huo unanifaa?

Kwa "u-", hapana. Stima hufuata "i-" au "zi-": stima imeenda, stima zimerudi. Viambishi hivyo havimhusu mtu, kwa hiyo hakuna utata wa kuchezea.

Lakini Kenya ina kitenzi chake kizuri ambacho Tanzania haikitumii sana kwa umeme: kupotea. Stima ikipotea, andika tangazo la kitu kilichopotea. "Imepotea. Ilionekana mara ya mwisho saa moja na nusu jioni ikiingia kwa friji yangu. Atakayeiona aiambie maziwa inaiulizia." Kichekesho hapa kiko kwenye muundo wa tangazo, kwa hiyo toa saa kamili na mahali kamili kama tangazo la kweli linavyofanya. "Imepotea jioni" ni dhaifu, "saa moja na nusu" ina nguvu.

Njia ya pili ni kuipa stima kiambishi cha mtu kwa makusudi: "Ameenda, na hajasema atarudi saa ngapi." Hapo hakuna sarufi ya kukusaliti, kwa kuwa msomaji anajua umeamua kumfanya stima mgeni wa nyumbani.

7. Maneno gani mengine yana maana mbili?

"Kukatika" ndilo linaloongoza. Umeme unakatika, na mcheza ngoma pia anakatika kiuno. "Mtaa wetu umeme unajua kukatika, imebaki ngoma tu" inaeleweka kuanzia Tanga mpaka Mbeya.

"Mgao" ni la pili. Neno hili lina maana ya kugawana, na katika kugawana kila mtu hupata fungu lake. Kwa hiyo: "Mgao wa leo: jirani kapata umeme, mimi nimepata mbu." Ukitumia neno hili, hakikisha kweli ni mgao. Nguzo ikianguka na kukata umeme kwa saa mbili, hiyo ni hitilafu, na wenzako wa mtaa mwingine watakusahihisha kwenye maoni badala ya kucheka.

"Kuzima" na "kuzimia" nayo ni jozi nzuri: "Taa imezima, mimi ndiye nimezimia, nilikuwa sijasevu." Anayefanya kazi kwa kompyuta ya mezani hahitaji maelezo zaidi.

8. Naweza kugeuza methali?

Ndiyo, ila badilisha kidogo iwezekanavyo. Methali iliyogeuzwa huchekesha kwa sababu msomaji anasikia ile ya asili chini yake. Ukibadilisha maneno manne, haisikiki tena.

Mfano ulio safi zaidi unategemea herufi moja. Ya asili ni "Usiku wa deni haukawii kucha". Ya gizani ni "Usiku wa deni haukawii kucha, usiku bila feni umegoma kucha". Deni na feni zinagongana masikioni, na kila aliyelala Dar es Salaam mwezi Februari bila feni anajua kwamba ni kweli.

Nyingine: "Asiyewasha tochi huvunjika guu", kutoka kwenye "Asiyesikia la mkuu". Hii inakwenda na picha ya kidole gumba kilichogonga mguu wa kitanda. Na "Lisemwalo lipo, ila umeme haupo", ambayo inafaa pale tangazo lilipoahidi kwamba utarudi saa kumi na mbili na sasa ni saa tatu.

Usigeuze methali ambayo wasomaji wako hawaijui. Kama inabidi uandike ya asili pembeni ili waelewe, tafuta nyingine.

9. Mtindo wa kanga ukoje katika kepsheni?

Jina la kanga ni sentensi fupi inayomlenga mtu bila kumtaja. Gizani mlengwa karibu kila mara ni mmoja: jirani mwenye jenereta. "Jenereta lako kelele, mshumaa wangu mahaba." Pande mbili, mizani 9 kila upande, "lako" inapambana na "wangu". Iandike kwa herufi kubwa kama ilivyo kwenye kanga, bila emoji, na bila nukta tatu za kuvuta.

Ugumu wa mtindo huu ni pale jirani mwenyewe anapokuwa kwenye orodha ya wanaoona stetasi yako. Kanga huwa na mafumbo lakini mlengwa hujijua. Kama kesho utamwomba uchaji simu kwake, andika inayojihusu wewe.

## Picha inayobeba kepsheni

10. Mshumaa unatoka kama doa jeupe na watu hawaonekani. Nifanyeje?

Mwali unang'aa kuliko nyuso kwa mbali sana, na kamera inapojaribu kuangaza giza lote, mwali unafumuka na picha inajaa chembechembe. Gusa mwali kwenye kioo cha simu, kisha telezesha kidole chini mpaka umbo la mwali lionekane. Halafu sogeza watu karibu na mshumaa, kiasi cha nusu mita, mshumaa ukiwa pembeni ya uso. Ukiuficha mwali nyuma ya kikombe kutoka upande wa kamera, uso utapata mwanga bila doa.

Egemeza simu kwenye glasi au sufuria na utumie kipima muda cha sekunde 3. Mwanga ukiwa mdogo, kamera huchukua muda mrefu kupiga picha, na mkono wowote hutetemeka. Flashi izime kabisa: ikiwaka inafuta mshumaa, na kepsheni inabaki haina giza la kuegemea.

11. Nikifungua kamera, tochi inazimika. Simu imeharibika?

Haijaharibika. Tochi na flashi ni taa moja, na simu nyingi huizima mara kamera inapofunguka. Inabidi uwe na simu mbili: moja ya kuangaza, moja ya kupiga. Ile ya kuangaza ilaze kifudifudi, tochi ikitazama juu, kisha weka juu yake chupa angavu ya maji iliyofungwa vizuri. Maji husambaza mwanga chumba kizima, na ukitia matone machache ya maziwa husambaa zaidi. Ukikosa simu ya pili, rekodi video, kwa kuwa huko simu nyingi hukuruhusu kuwasha taa.

12. Kepsheni ya mshumaa na ya tochi ya simu zina tofauti?

Zina tofauti kubwa, na wengi huzichanganya. Mshumaa hufupika taratibu na unadondosha nta. Hausemi utaisha saa ngapi. Nao pia huchukua "u-", kwa hiyo mchezo wa swali la 4 unaufaa kabisa: "Umelia usiku kucha kwa ajili yangu." Kepsheni za mshumaa zivutie upande wa mahaba, sala, chakula na hadithi za bibi.

Tochi inahesabu. Ina asilimia, na kila mtu ndani ya nyumba anaijua. Kepsheni zake ni za uchumi na za siasa ya nyumbani: nani anatoa simu, nani anasema yake haina chaji huku inang'aa mfukoni. "Watu watano, simu tano, zote zina asilimia 3 ikifika zamu ya kuangaza." Toa namba kamili. "Chaji inaisha" haina uzito, "asilimia 3" inauma.

Kwa koroboi na chemli, kumbuka kwamba msomaji kijana wa mjini huenda hazijui kwa majina. Hakikisha taa yenyewe inaonekana kwenye picha.

13. Vivuli ukutani vinasaidia?

Sana. Chanzo kimoja cha mwanga kilichowekwa chini hutupa kivuli kikubwa kuliko mtu, na mtoto wa miaka minne anakuwa jitu. Sogeza mshumaa karibu na mtoto (kwa umbali salama), ukuta uwe nyuma yake, kivuli kitakua. Kepsheni izungumze na kivuli: "Huyu ndiye aliyemaliza maandazi."

## Kutuma

14. Nitume saa ngapi?

Umeme ukiwa bado haujarudi. Kepsheni ya giza iliyotumwa taa zikiwaka ni kama salamu ya Idi iliyofika Jumatatu inayofuata. Usiposti ndani ya dakika tano za kwanza, kwani wakati huo kila mtu anaandika "wamekata", na wewe hujaona bado kilichovurugika. Kati ya nusu saa na saa moja ndipo pazuri.

Mtandao nao hupungua nguvu umeme ukikatika eneo kubwa, hasa minara inapoanza kutegemea betri. Tuma picha moja, si video.

15. Kwenye kundi la familia je?

Wamo shangazi, babu na wakwe. Chagua kepsheni ambayo mkubwa anaweza kuicheka bila kuzunguka kona. Ile ya shikamoo katika swali la 1 hufanya vizuri sana, kwa kuwa adabu ndiyo inayochekesha na hakuna aliyedharauliwa: "Gizani nimemwamkia mdogo wangu. Ameitikia marahaba na kuniuliza hali ya nyumbani." Za mapenzi ya "u-" ziache. Mama atapiga simu kuuliza ni nani huyo aliyeondoka.

16. Nimeposti, kumbe ni LUKU yangu imeisha. Nifute?

Usifute. Andika ya pili. LUKU ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, na uniti zikiisha nyumba yako peke yake ndiyo inayozima. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kuchungulia nje: kwa jirani kukiwaka, tatizo liko kwenye mita yako. Kepsheni inajiandika: "Kabla ya kulaumu nimechungulia kwa jirani. Kwake kunawaka."

Kuingiza tokeni gizani nako kuna utajiri wake: "Tarakimu 20, kidole kimoja, mbu 40." Ukipiga picha ya mita, funika namba ya mita na tokeni ambayo hujaiingiza.

## Hali za pekee

17. Giza limefunika nchi nzima. Kepsheni za kawaida bado zinafaa?

Zile za jirani zinakufa zote, kwa kuwa hakuna wa kumwonea wivu. Usiku wa 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilizimika kwa pamoja, na katika hali kama hiyo msomaji hataki kuambiwa kwamba stima hakuna. Nenda kwenye jambo dogo zaidi la nyumba yako. Wote wana giza, ila bibi yako pekee ndiye anayetumia nafasi hiyo kuhesabu nani hajaoa.

18. Na likidumu siku nyingi?

Kicheko kina muda wake. Kebo ya chini ya bahari iliyokuwa ikipeleka umeme Unguja iliharibika Desemba 2009, na kisiwa kikakaa bila umeme takriban miezi mitatu, hadi Machi 2010. Pampu zilisimama, na maji yakawa shida. Katika hali ya namna hiyo kepsheni ya samaki walioharibika kwenye friji inamgusa muuza samaki aliyepoteza mtaji. Siku ya kwanza na ya pili cheka na vitu: feni, pasi, mechi. Kuanzia hapo cheka na ustadi wa watu, kama yule anayepiga pasi shati kwa makaa na kola ikanyooka kuliko zamani. Hapo hakuna anayeumia.

19. Kuna kitu nisichekeshe kabisa?

Mgonjwa anayetegemea mashine, wodi ya wazazi, nyumba iliyoungua. Vilevile usiposti picha ya mshumaa uliowashwa ndani ya chandarua au chini ya pazia hata kama inapendeza, kwani kuna atakayeiga. Simamisha mshumaa kwenye kisosi chenye mchanga au maji kidogo, na mtu asilale ukiwaka.

20. Umeme umerudi nikiwa bado naandika. Nifanyeje na kepsheni yangu?

Ihifadhi kwenye rasimu pamoja na picha yake, itapata siku yake. Kwa sasa piga picha nyingine haraka, kabla watu hawajajipanga: macho yamekunjwa kwa mwanga, mmoja ameshika ugali, mwingine amekutwa na kipande cha nyama kisicho chake. Kepsheni ni neno moja, nalo lina maana zake mbili: "Umerudi."